Mpigie Mwanaidi kabla shule hazijafunguliwa

Muheza, Desemba

Mwanangu Rehema,

Assalaam alaykum. Sisi huku ni wazima, baba yako anakusalimu, na dawa yake ya presha uliyotuma imefika.

Nakuandikia kwa ajili ya Mwanaidi. Nimesikia umemtumia meseji ya "hongera sana shoga". Aliniletea simu nikaisoma. Akaniuliza kama una kazi nyingi siku hizi, nami nikamjibu ndiyo. Lakini Rehema, hili si jambo la kumalizwa kwa meseji. Mpigie mwenzio. Mpigie umsikie anavyocheka, maana hajacheka hivi miaka mingi.

Labda umesikia tu kwamba binti yake Salma amefaulu darasa la saba, ukadhani ni kufaulu kwa kawaida. Ngoja nikueleze. Matokeo ya NECTA yalipotoka, mtandao ulijaa hadi usiku, tukashindwa kuyaona. Asubuhi mwalimu mkuu akabandika karatasi ukutani shuleni. Salma ana A masomo yote sita: Kiswahili, Kiingereza, Maarifa ya Jamii, Hisabati, Sayansi na Uraia. A ya somo moja inaanzia alama 41 kati ya 50, kwa hiyo mtoto yule hana chini ya 246 kati ya 300. Ametoka shule ileile mliyosoma nyinyi, na darasani mwao dawati moja wanakaa watatu.

Mwanaidi hakushangilia siku ile. Watu walimpongeza, naye akawa anasema "tungoje uchaguzi". Wewe unajua kwa nini, sina haja ya kukukumbusha mwaka 1999. Mwenzio alifaulu. Karatasi ilisema amefaulu, na bado hakuchaguliwa, kwa sababu wakati ule sekondari za serikali zilikuwa chache mno na nafasi za wilaya nzima zilikuwa za kugombania. Hizi shule za kata zilikuja baadaye, ule mpango wa kuendeleza sekondari ulipoanza 2004 na kila kata ikaambiwa ijenge yake. Mwanaidi alizikosa kwa miaka michache tu. Leo mtoto akifaulu nafasi anapata. Swali lililobaki ni anapangiwa wapi, kutwa karibu na nyumbani au bweni. Lakini mwambie hayo mtu ambaye jina lake lilikosekana! Wiki zote zile baada ya matokeo alikuwa akilala vibaya.

Majina ya TAMISEMI yalipotoka juzi alikuwa kwangu, anakanda unga wa mandazi. Simu ilikuwa juu ya gunia, na mtoto wa jirani ndiye aliyekuwa akitafuta, mkoa, wilaya, shule, anashuka na majina. Akasoma: Kilakala, Morogoro, bweni. Mwanaidi akamwambia asome tena. Akasoma. Akaichukua simu mwenyewe na mikono yake ya unga, akaitazama, akampa baba yake. Mzee hana miwani, lakini akaishika simu ile akaitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Kilakala ile ya vipaji maalumu?" Hapo ndipo bibi yake Salma alipopiga vigelegele, na watu wakaanza kumiminika. Mume wa Mwanaidi alikuwa kijiweni na bodaboda yake. Alimshusha abiria njiani akamrudishia nauli, akaja mbio. Ukoo wote ulilala kwa Mwanaidi siku ile. Hata yule shangazi yao wa Pongwe, waliyekuwa hawasemezani naye, alikuja na kuku wawili.

Na wewe ulituma meseji.

Najua kinachokuzuia, mimi ndiye niliyekuzaa. Tangu ulipoondoka na tranka la baba yako kwenda sekondari, mwenzio akabaki, umekuwa ukimwonea haya, kana kwamba nafasi ile uliichukua kwake. Hukuichukua. Ulifanya mtihani wako ukachaguliwa, nami nilijivunia na mpaka leo najivunia. Kila nikipita dukani na watu wakaniita Mama Mwalimu, nasikia raha. Lakini maji ya nyumba hii, miaka minne uliyokuwa bweni, aliyachota nani? Nilipolazwa, nani alilala chini ya kitanda changu hospitali? Mwanaidi hakuwahi kukuhesabia. Basi usimkimbie siku yake ya furaha. Anataka kuisikia sauti yako kuliko ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu ni wewe tu unayeijua ile karatasi ya zamani.

Sasa lile linalonikosesha usingizi. Wanataka kufanya shughuli. Wajomba wamekaa, wamepanga ng'ombe, turubai, muziki, na sare za kitenge. Sikatai furaha. Dua ya kushukuru lazima ifanyike, na tende, chai na mandazi vinatosha, nami mandazi nitakaanga mwenyewe. Ila fedha za shughuli ndizo fedha za mtoto kwendea shule, na mlango unafunguliwa Januari. Toka majina yatoke mpaka siku ya kuripoti ni wiki chache tu. Watu wanasema "elimu bure". Ndiyo, ada imefutwa tangu 2016, na ile elfu sabini ya bweni haipo tena. Lakini Salma ameleta fomu ya kujiunga, wakanisomea ukurasa baada ya ukurasa. Godoro la futi mbili na nusu, shuka jozi mbili, chandarua, ndoo mbili zenye mifuniko, tranka na kufuli, sare za darasani, sare za kushindia, viatu vyeusi vya kamba, soksi, fyekeo, jembe, rimu ya karatasi, madaftari makubwa ya kaunta. Na kuna karatasi ya daktari ambayo lazima ijazwe na kugongwa mhuri hospitali ya serikali, na foleni ya huko unaijua. Juu yake weka nauli ya mtoto na ya mtu wa kumsindikiza mpaka Morogoro. Tena fomu imeandika wazi kwamba atakayechelewa kuripoti anaweza kupoteza nafasi.

Mwaka juzi palikuwa na mtoto hapa mtaani kwetu, amechaguliwa bweni. Walimfanyia sherehe mpaka alfajiri. Shule zilipofunguliwa hana godoro, hana sare, wakasema wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka mtoto akaandikishwa shule ya kata. Si kwamba shule ya kata ni mbaya, mtoto yule anasoma na anajitahidi. Ila nafasi yake haikupotea kwa ujinga wa mtoto wala kwa umaskini hasa. Ililiwa na pilau.

Ndiyo maana nimemwambia Mwanaidi achukue daftari, anakili fomu yote, kila kitu mstari wake, na kila anayekuja kumpa hongera aonyeshwe daftari achague mstari. Mwanzoni aliona aibu, akasema itaonekana anaomba. Nikamwambia watu wanataka kutoa, hawajui tu watoe nini. Watatu wamekwisha leta ndoo za rangi moja, na zilizotakiwa ni mbili! Sasa mambo yanakwenda. Babu ametoa jembe na fyekeo, shangazi wa Pongwe ameandika shuka, mimi nimeandika chandarua na madaftari. Tranka litatoka kwa dada yake Mwanaidi, la zamani lakini bawaba zake nzima, linahitaji kupakwa rangi na kuandikwa jina. Yamebaki godoro na viatu. Nimeandika jina lako kwenye godoro bila kukuuliza. Usinikasirikie.

Godoro usinunue huko Dar ukalipakia basi, litafika limelowa au limechanika. Lipo hapa mjini kwa elfu sabini, nimelibonyeza mwenyewe, si lile linalolala bapa baada ya mwezi. Tuma fedha kwangu kabla ya Ijumaa. Lakini kwanza umpigie. Fedha zisitangulie sauti yako, ataona unamlipa.

Ukimpigia, zungumza na Salma pia. Huyo mtoto amesoma kila kitu kwa Kiswahili miaka saba, isipokuwa somo lenyewe la Kiingereza, na Januari atamkuta mwalimu wa Bayolojia anafundisha kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mtihani wa darasa la saba karibu wote ni wa kuchagua jibu na kusiliba herufi yake. Kule ataandika sentensi zake mwenyewe. Wewe ulipita humo, mwambie ilikuwaje muhula wa kwanza. Usimtishe, ila usimdanganye pia kwamba A sita zitambeba. Akiporomoka mtihani wa kwanza ajue si akili zilizoisha, ni lugha. Ile kamusi yako yenye jalada la kijani bado ipo kabatini kwangu. Nimeifuta vumbi. Nikubalie nimpe, au mpe wewe mwenyewe kwa simu, umwambie "chukua kwa bibi". Itamfurahisha zaidi ikitoka kwako.

Pia sijapenda ulivyosema kwenye simu na baba yako kwamba Idi wetu amepata C na kwamba "huyu sijui kaenda na nani". Mtoto wako amefaulu, Rehema. C ya wastani ni kufaulu, na amepangiwa shule ambayo atatembea kwa miguu kutoka kwako, utamwona kila jioni. Na yeye mpigie vigelegele. Umeshampa hongera kweli, au umemwambia tu "ungejitahidi zaidi"? Nimemwekea jozi ya viatu kutoka kwenye fedha zangu za machungwa. Nitampa Salma yake na Idi yake, zote nyeusi za kamba. Nitumie namba ya mguu wake, usikisie.

Machungwa safari hii yamezaa sana, na bei kwa hiyo iko chini. Wanunuzi wanakuja na lori wanataka kuhesabu mti mzima kwa macho. Baba yako anakataa, anataka wahesabu kwa mamia, nami naona yuko sawa. Bati la upande wa jikoni limeanza kuvuja pale pale fundi alipoziba, mvua za vuli zimelimaliza. Likisubiri mpaka Februari halitaniua, kwa hiyo usichanganye fedha ya bati na ya godoro. Ukiwa na uwezo wa kimoja tu mwezi huu, ni godoro.

Dua ni Jumapili baada ya alasiri. Salma anaondoka na baba yake wiki ya pili ya Januari, kwa basi la alfajiri. Mumeo mpe salamu. Mwanaidi namba yake ni ileile, na saa mbili usiku huwa amekwisha funga genge.

Mama yako