Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya ardhi: kama reti za ardhi tunazolipa kaunti zitapunguzwa, tangazeni sasa

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote, nakuandikia kwa sababu Jumamosi iliyopita mnunuzi wa ploti yangu, kando ya barabara iendayo Kisumu, alishusha bei tuliyokuwa tumeshapatana. Ilikuwa 1,200,000. Alitoa simu, akapiga hesabu, akasema, "Mama, sasa ni 1,080,000. Reti zimepanda."

Barazani mlituambia nyongeza ni shilingi 1,000 tu kwa mwezi. Ni kweli: reti zilikuwa 6,000 kwa mwaka, sasa ni 18,000. Lakini mnunuzi hanunui mwezi mmoja. Anajua atalipa 12,000 zaidi kila mwaka, na atakayemuuzia naye atalipa vivyo hivyo. Shilingi 120,000 akiziweka mahali penye faida ya asilimia 10, zingemletea 12,000 hizo hizo kila mwaka. Basi anazikata 120,000 kwenye bei, leo, na anayekatwa ni mimi. Risiti za reti zitatoka kwa jina lake, ila hasara ni ya aliyeshika hati siku mlipotangaza.

Sikatai kutozwa. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti mamlaka hayo, na kama maji na barabara mlivyoahidi vingefika, bei ingepanda kwa ajili yake na huenda pengo lingezibika. Mnunuzi alifika kwenye ploti akiruka madimbwi. Akafungua mfereji wa jirani, ukatoa hewa. Reti amezitia kwenye hesabu kwa sababu ziko kwenye karatasi, barabara hakuitia.

Sasa kuna minong'ono kwamba reti zitashushwa baadaye. Nadhani ndiyo sababu barua zetu hazijibiwi: mnangoja hasira zipoe. Mheshimiwa, kama mtashusha, semeni sasa! Mnunuzi akijua kwa hakika kwamba nyongeza hii ni ya miaka 5 tu, hesabu yake ile ile inampa punguzo la kama 45,500, si 120,000. Mkishusha baada ya mimi kuuza, bei ya ploti itapanda tena na faida itakuwa yake, yeye ambaye hakupoteza kitu. Mimi sitarudishiwa hata senti. Wala msituambie habari za msamaha wa riba. Huo unawafutia adhabu waliochelewa kulipa. Reti ya mwaka ujao inabaki pale pale.

Zile 120,000 zilikuwa karo ya binti yangu chuoni, na chuo hakingoji. Naomba tangazo moja la maandishi, lenye sahihi yako: reti hizi ni kiasi gani, na kwa miaka mingapi. Tafadhali litoke kabla sijatia sahihi mkataba. Mnunuzi amenipa hadi mwisho wa mwezi huu.

Wako,
Mama mwenye ploti