Tarehe mbili za mgomo mmoja wa Petrograd

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika safu hii kwamba mlikosea kuchapa kuwa wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd waligoma Februari 23, 1917, kwa sababu Siku ya Wanawake ni Machi 8. Hamkukosea. Ni siku ileile. Urusi wakati huo ilikuwa bado inafuata kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma ya kalenda ya Gregori kwa siku 13.

Ninachoomba tuangalie ni hiyo 13, kwani wengi huishika kisha huijumlisha kwenye kila waraka wa Kirusi. Papa Gregori wa 13 alipotengeneza kalenda mwaka 1582, pengo lilikuwa siku 10. Juliasi huipa Februari siku ya 29 kila baada ya miaka minne bila kukosa. Gregori aliiondoa katika miaka ya mwisho wa karne isiyogawanyika kwa 400. Hivyo 1700, 1800 na 1900 kila mmoja uliongeza siku moja kwenye pengo, kuanzia Machi 1. Mwaka 1600 haukuongeza kitu, na 2000 vilevile.

Chukueni Lenin. Kwa kalenda ya zamani alizaliwa Aprili 10, 1870. Ukijumlisha 13 unapata Aprili 23, nayo si sahihi. Karne ya 19 pengo lilikuwa 12, kwa hiyo ni Aprili 22. Kinachohesabiwa ni mwaka wa tukio lenyewe, hata kama anayeandika yuko karne nyingine.

Mtu akitaka kujua tarehe aliyonayo ni ya kalenda ipi, atazame jina la siku, maana majuma hayakuvurugwa na mabadiliko haya. Mgomo ule ulianza Alhamisi. Kwa kalenda yetu, Februari 23, 1917 ilikuwa Ijumaa, na Machi 8 ndiyo Alhamisi. Basi waraka unaosema "Alhamisi, Februari 23" umeandikwa kwa Juliasi, wala haujaghushiwa.

Serikali ya Wabolsheviki ilihama kalenda mwaka 1918: Jumatano, Januari 31 ikafuatwa na Alhamisi, Februari 14. Mtu akikuta barua ya Kirusi ya Februari 5 mwaka huo asikimbilie kuitupa. Kanisa la Urusi liliendelea na Juliasi, na maeneo ambayo Wabolsheviki hawakuyashika hayakulazimika kufuata amri yao.

Kwa hiyo, Mhariri, msiwasikilize wanaotaka mfute tarehe ya waraka na kuweka ya kisasa. Mkifanya hivyo, atakayekuja baadaye bila kujua atajumlisha siku 13 kwa mara ya pili, na mgomo utaangukia Machi 21. Iacheni kama ilivyoandikwa, kisha mweke ya pili pembeni: Februari 23 (Machi 8), 1917.

Msomaji wenu,
Morogoro