Imepanda kutoka ngapi hadi ngapi?

Mhariri,

Nawaomba waandishi wenu, kila wanapoandika kwamba kiwango fulani kimepanda, watuwekee kiwango cha zamani na kipya.

Chukua ushuru wa VAT kwenye mafuta, uliotoka asilimia 8 hadi 16 mwaka wa 2023. Anayesema ulipanda kwa asilimia 8 amekosea. Ulipanda kwa pointi 8 za asilimia, na kwa kuwa uliongezeka maradufu, ulipanda kwa asilimia 100. Bei kwenye pampu nayo ina hesabu yake. Tuseme lita ni shilingi 150 kabla ya VAT. Ilikuwa 162, ikawa 174: ongezeko la takriban asilimia 7.4.

Mkopo ndio unaotuumiza zaidi. Mfanyabiashara wa Kongowea mwenye mkopo wa shilingi 300,000 anaambiwa riba yake ya asilimia 14 kwa mwaka imepanda "kwa asilimia mbili". Kama ni pointi mbili, riba sasa ni 16, na kama riba inahesabiwa kwenye mkopo wote hata salio likipungua, ataongeza shilingi 6,000 kwa mwaka. Kama ni asilimia mbili ya ile 14, riba ni 14.28 na nyongeza ni shilingi 840 tu. Maneno ni yale yale, na mara nyingi msemaji huwa anamaanisha pointi. Hata hivyo mkopaji asikisie: aulize kiwango kipya, aandikiwe, kabla hajatia sahihi.

Msomaji wenu,
Mombasa