Jua lako liko nyumba ya sita

Tanga, Jumapili

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na za mama pia. Nimeukalia ule mchoro wa nyota ulionitumia jioni mbili nzima, na nimeona kosa ambalo lazima nikueleze. Umeambiwa Jua lako liko nyumba ya tatu kati ya zile kumi na mbili za mchoro, nyumba ya ndugu, majirani na maneno, ukashauriwa uache uuguzi ukatafute jina kwa kuzungumza mbele za watu. Miezi minane umejirekodi kila usiku, na kila ukinipigia unasikika umechoka kuliko jana. Mwanaidi, yule aliyekupigia hesabu alikosea saa.

Uliniambia mama yako husema ulizaliwa Dar, tarehe 10 Novemba, saa 1:40 usiku, adhana ya Isha imetoka kuadhiniwa. Kwenye mchoro wako pameandikwa 01:40. Hiyo ni saa 7:40 usiku, na kwenye duara la saa 24 ni saa sita kamili mbele. Programu za michoro hii zinahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia Jua linapochomoza na linapotua. Ilitakiwa kuandikwa 19:40.

Unaweza kulihakiki hili kichwani bila programu yoyote. Jua likichomoza huwa mpakani mwa nyumba ya 1 na ya 12, na kadiri linavyopanda linarudi nyuma kwa namba: ya 12, kisha ya 11, hadi adhuhuri linapokuwa juu kabisa, pale ya 10 inapokutana na ya 9. Likitua limefika mwisho wa ya 7 na linaingia ya 6. Kwetu huku karibu na ikweta, usiku na mchana vinakaribia kulingana, kwa hiyo kila nyumba huchukua takriban saa mbili. Dar mwezi wa Novemba Jua linatua kama saa 12:20 jioni. Wewe ulizaliwa saa moja na dakika ishirini hivi baada ya hapo, kwa hiyo ni nyumba ya sita. Saa sita za kosa zimekuhamisha nyumba tatu.

Nilihofia pia zile njia mbili za kugawa nyumba, ya kufuata saa kama nilivyofanya hapo juu na ya kuhesabu buruji nzima, maana mtu aliyezaliwa karibu na mpaka anaweza kuwa nyumba hii kwa njia moja na nyumba jirani kwa nyingine. Kwako zinakubaliana. Buruji iliyokuwa inachomoza ni Mapacha, Jua lilikuwa Nge, na ukihesabu buruji nzima kutoka Mapacha, Nge ni ya sita. Hata mama yako akiwa amekosea robo saa, haibadiliki.

Sasa, usishtuke ukisoma kwamba wanajimu wa zamani waliiita ya sita nyumba ya maradhi na watumwa, wakaihesabu miongoni mwa nyumba mbaya. Wa siku hizi wanaisoma kama nyumba ya kazi ya kila siku, mwili na kuhudumia watu, na Jua likiwa humo wanasema mtu hupata uhai kwa kazi yenye utaratibu, na huonekana kupitia kitu anachokifanya vizuri kwa mikono yake. Mimi nawafuata hawa, kwa sababu nimekuona.

Unakumbuka siku niliyokufuata zahanati, ukanikalisha kwenye benchi nikusubiri? Yule mzee wa kidonda cha mguu, bendeji imegandia. Hukuivuta. Uliilowesha kwa maji ya chumvi, ukasubiri, ukalowesha tena, huku unamuuliza habari za mbuzi wake, mpaka ikaachia yenyewe. Mwenzako alipokuja kukupokea zamu, mzee akasema anamtaka huyu huyu wa jana. Uso wako, Mwanaidi! Ulikuwa umesimama tangu asubuhi na hukuwa na dalili ya uchovu. Kwenye zile video sijauona uso ule hata mara moja.

Lakini nyumba hii ina mtego wake, na wewe umeshanaswa mguu mara mbili. Mwenye Jua hapa akikosa kusifiwa huongeza kazi ili aonekane. Anachukua zamu za wenzake, hali chakula, halafu mwili unamwangusha. Ukijiona unaanza kuhesabu nani hakukushukuru, fahamu umeshavuka mpaka. Siku hiyo rudi nyumbani saa ya kurudi, ukale, ukalale.

Nilifurahi uliposema nafasi yako ya zahanati bado haijajazwa. Nenda kawaone wiki hii.

Na ule mchoro wa mdogo wako ulioniomba, niandikie tarehe, mji, na saa ya Kiswahili kama mama anavyoitaja, uongeze ni asubuhi au usiku. Kuigeuza niachie mimi.

Wako,
Zuhura