Barua kwa Furaha: nani alifanya nini pale Kituku

Bukavu, Jumapili

Dada Furaha,

Barua yako ya kuomba kazi nimeisoma. Kifaransa chake ni kizuri, sikigusi. Kinachonisumbua ni sentensi hii: baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo kule Goma, Mei 2021, «tulisimamia kituo cha kutia klorini pale Kituku, tukapima maji, tukabadilisha utaratibu wa vipimo na tukapunguza kipindupindu». Mambo manne, na yote ni «tu». Atakayeisoma hatajua kama ulishika sindano ya klorini au ulikuwa unapanga foleni ya mabidoni tu.

Ninavyokumbuka ulivyonisimulia, mlikuwa sita, na kituo kilisimamiwa na bosi wenu. Kupima mlipokezana na mwenzako, wewe asubuhi, yeye jioni. Lakini utaratibu ule mpya ulitoka kichwani mwako! Wewe ndiwe uliyeona kwamba mvua ikinyesha usiku, ziwa linachafuka, na maji ya bidoni ya lita 20 yaliyotiwa mililita 5 za klorini ya asilimia 1 hayageuki waridi vizuri ukiyapima baada ya nusu saa, yaani klorini iliyobaki ni kidogo. Hilo umelizika katikati ya «tu».

Mimi ningeandika hivi:

«Tulikuwa watu sita kwenye kituo cha kutia klorini pale Kituku. Mimi na mwenzangu tulipokezana kupima maji. Niliona kwamba baada ya mvua klorini iliyobaki ilishuka chini ya miligramu 0.5 kwa lita, nikapendekeza kila asubuhi tujaribu dozi kwenye bidoni chache kabla ya kufungua kituo. Msimamizi alikubali, na timu nzima ikaufuata utaratibu huo.»

Ona, «tu» bado ipo, ila sasa kila mmoja anajulikana. Wakikuuliza kwenye mahojiano kwa nini dozi ilibadilishwa, utajibu bila kubabaika, maana ulikuwepo ukitazama rangi ya maji.

Kipindupindu kiondoe. «Nilipunguza kipindupindu» ni uongo, na hata «tulipunguza» hamwezi kuithibitisha, kwa sababu watu wengi walikuwa wakipambana nacho na ninyi hamkuhesabu wagonjwa. Mlichopima ni klorini, basi sema klorini.

Na lile neno «nilishiriki» ulilolirudia kwenye aya ya pili, lifute. Linaonekana la unyenyekevu, kumbe linaficha: aliyebeba ndoo alishiriki, na aliyekuja kupiga picha pia alishiriki. «Vipimo vilifanyika» nayo ni hivyohivyo. Vilifanywa na nani?

Kabla hujatuma, msomee mwenzako wa zamu ya jioni hiyo aya. Akisema «hapo umenisahau», mrudishe. Waajiri wengine hupiga simu kwa watu mliofanya nao kazi, na ni heri aisikie kwako kwanza.

Nitumie toleo jipya kabla ya Alhamisi, jioni niko nyumbani. Mama Furaha msalimie sana, na umwambie samaki wale wa sambaza aliotuma walifika salama.

Neema