Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama, wauza nguo na viatu vya watoto wa Mwanjelwa,

Mengi ya mwaka huu nitayapitia haraka. Ada imelipwa na wanachama wote isipokuwa watatu, na hao mweka hazina anawafahamu. Mlinzi wa usiku tunaendelea naye. Mfuko wa rambirambi umetumika mara mbili na haujakauka. Hesabu kamili mtasomewa na mweka hazina, kwa hiyo mimi sitazirudia.

Ninalotaka tukae nalo leo ni la msimu wa Pasaka na Idi, kwa sababu kamati yenu ilikosea, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kitini.

Alhamisi ya tarehe 3 Aprili tulikutana kuamua mzigo wa pili kutoka Dar. Katibu alileta jumla ya mauzo kutoka kwa wanachama 14 wanaoandika daftari kila siku. Machi 2024 waliuza shilingi milioni 61.2. Machi 2025 waliuza milioni 52.4. Tukaona shimo la milioni 8.8, yaani asilimia 14. Mmoja wetu akasema watu hawana hela, mwingine akasema wateja wamehamia kwa machinga wa barabarani, na mimi nikasema tusijifunge mtaji. Tukakata mzigo, badala ya marobota kumi tukaagiza sita. Siku hizohizo mwanachama mwenzetu alikwenda kuomba mkopo kwenye taasisi moja ya fedha. Ofisa akamwomba mauzo ya Machi ya miaka miwili, akayaweka pamoja, akampa nusu ya alichoomba.

Kilichofuata mnakijua. Alhamisi Kuu, tarehe 17 Aprili, saa nne asubuhi, viatu vyeupe vya watoto namba 27 hadi 31 vilikuwa vimekwisha mstari mzima. Wateja wa Uyole na Mbalizi walipita wakiuliza, wakaondoka. Aprili ikafunga kwa milioni 50.3, wakati Aprili ya 2024 ilikuwa milioni 38.5. Ilipanda kwa asilimia 31, tena na mzigo tulioukata wenyewe.

Sasa nani alidanganya, Machi au Aprili? Hakuna. Tulichofanya ni kulinganisha Pasaka na Idi tukidhani tunalinganisha Machi na Machi.

Tazameni tarehe. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa 31 Machi na Idi el Fitri ikawa 10 Aprili. Mwaka 2025 Idi ikaangukia 31 Machi na Pasaka ikaenda 20 Aprili. Zimebadilishana viti. Machi ya 2024 ilibeba manunuzi ya Pasaka karibu yote. Machi ya 2025 ilibeba ya Idi. Hapa Mbeya wanaonunua nguo za watoto za Pasaka ni wengi kuliko wanaonunua za Idi, kwa hiyo Machi ilipobeba Idi peke yake lazima ionekane imeshuka, na Aprili ilipopokea Pasaka lazima ionekane imefufuka. Mtu angeweza kuyasema hayo Januari, kabla hatujauza hata soksi.

Sikukuu hizi hazisogei kwa njia moja. Idi inafuata mwezi mwandamo, na mwaka wake una siku kama 354, kwa hiyo kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11 hivi. Hiyo mtu anaweza kuizoea. Pasaka ndiyo inayoruka. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi, kwa hiyo inaweza kuwa popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2023 ilikuwa 9 Aprili, ikarudi 31 Machi, ikaruka hadi 20 Aprili. Krismasi haitusumbui hivyo, kwa sababu Desemba na Desemba zinalingana, na kinachobadilika ni siku ya wiki tu.

Baada ya Pasaka nilikaa na katibu na yale madaftari 14 tukayahesabu upya. Tuliacha miezi, tukahesabu siku kutoka kwenye sikukuu yenyewe. Nia ya kwanza ilikuwa kuchukua siku 21 kabla ya Pasaka na siku 21 kabla ya Idi, kila moja peke yake. Tulichagua 21 kwa sababu ni wiki tatu kamili, kila siku ya wiki inaingia mara tatu. Mwezi hauna uaminifu huo. Machi 2024 ilikuwa na Ijumaa tano, Machi 2025 ikawa na nne, na wenye vibanda upande wa stendi mnajua Ijumaa moja ina maana gani.

Njia hiyo ilitukwama mwaka 2024. Kati ya Pasaka na Idi zilikuwa siku kumi tu. Mtu aliyenunua gauni tarehe 25 Machi alikuwa anajiandaa kwa ipi? Daftari halisemi dini ya mteja, wala halipaswi kusema. Kwenye kibanda changu kanzu na kofia za watoto zilinisaidia kidogo, maana hizo ni za Idi bila ubishi. Niliuza kanzu 46 mwaka 2024 na 49 mwaka 2025, kwa hiyo Idi yangu haikutetereka. Lakini gauni, suruali na viatu ni vya wote.

Basi tukaacha kuzitenganisha. Tukachukua fungu moja linalobeba sikukuu zote mbili katika miaka yote miwili: kuanzia wiki tatu kabla ya sikukuu inayotangulia, kwa muda wa wiki saba. Kwa bahati, sikukuu ya kwanza ilikuwa 31 Machi miaka yote miwili, kwa hiyo fungu lilianza 10 Machi na kuishia 27 Aprili kotekote. Siku 49 kwa siku 49, Pasaka moja kwa Pasaka moja, Idi moja kwa Idi moja. Jumla ikawa milioni 87.4 mwaka 2024 na milioni 90.1 mwaka 2025. Lile anguko la asilimia 14 likapotea, na kule kupanda kwa asilimia 31 nako kukapotea. Kilichobaki ni ongezeko la asilimia 3.

Msipige makofi bado. Katibu aliuliza swali ambalo sikulipenda: vipande vingapi? Mwaka 2024 viliuzwa 7,600, kwa wastani wa shilingi 11,500. Mwaka 2025 viliuzwa 7,385, kwa wastani wa 12,200. Shilingi zimepanda kwa sababu bei imepanda, ila vipande tuliuza pungufu kwa 215. Sehemu ya pungufu hiyo naamini ni vile viatu vilivyokwisha Alhamisi Kuu. Siwezi kuithibitisha, kwa sababu hakuna aliyeandika wateja waliorudi mikono mitupu.

Kuna jambo moja ambalo hata fungu la wiki saba halilisahihishi, nalo ni mshahara. Watumishi hulipwa karibu na tarehe 25. Pasaka ya 2024 iliwakuta wamelipwa. Pasaka ya 2025 iliwakuta wakisubiri, na mshahara wa Machi ulikuwa umeangukia kwenye Idi. Dalili yake ilionekana kwenye vibanda. Mama mmoja, mwalimu, alichagua viatu namba 29 Jumatano ya wiki ya Pasaka, akaacha shilingi 5,000, akaniambia, "Nifichie, mwenyekiti, mshahara ukisoma nakuja." Alikuja tarehe 25, siku tano baada ya Pasaka, mtoto akiwa ameshaenda kanisani na viatu vya shule. Nilikuwa na malipo ya namna hiyo 11 mwaka huu. Mwaka 2024 yalikuwa mawili. Ndiyo sababu fungu letu haliishii siku ya sikukuu yenyewe. Tungekata tarehe 20 Aprili, pesa hizo zingeonekana si za Pasaka.

Wako watakaosema jumla ya mwaka mzima inatosha, maana mwaka hubeba sikukuu zote. Mara nyingi ni kweli, na mwaka wetu wa Julai hadi Juni umekuwa hivyo. Lakini wazee wa soko wafungue madaftari ya 2016/17. Idi el Fitri ilikuwa mwanzoni mwa Julai 2016, ikarudi tena mwishoni mwa Juni 2017. Mwaka mmoja wa hesabu, Idi mbili. Ukiuweka mbele ya mwaka uliofuata, utasema biashara ilianguka.

Sasa mwaka ujao. Pasaka ya 2026 ni 5 Aprili. Idi inatarajiwa 20 au 21 Machi, kutegemea kuandama kwa mwezi. Machi itabeba Idi nzima na sehemu kubwa ya manunuzi ya Pasaka, Aprili ibaki na siku chache za mwanzo. Kwa hiyo Machi itang'aa na Aprili itaonekana imekufa, na yote mawili hayatakuwa habari. Mwenye mkopo asisaini marejesho makubwa ya Aprili kwa kutazama Aprili ya mwaka huu. Fungu la kulinganisha litaanza 27 Februari hadi 16 Aprili, kama Idi ikiwa tarehe 20. Ikiwa 21, tunasogeza siku moja mbele pande zote mbili.

Utaratibu huu utatufaa na mwaka 2027, ambapo Pasaka ni 28 Machi. Mwaka 2028 utavunjika: Idi itakuwa imerudi mwishoni mwa Februari na Pasaka itakuwa 16 Aprili, wiki saba katikati. Hapo kila sikukuu itahesabiwa peke yake, na kazi itakuwa rahisi zaidi.

Kamati inapendekeza mambo mawili, mtayapigia kura. La kwanza, mzigo wa sikukuu uagizwe kwa kuhesabu wiki kurudi nyuma kutoka kwenye sikukuu, mzigo wa kwanza wiki tano na wa pili wiki tatu, bila kutazama jumla ya mwezi uliopita. La pili, kila daftari liongezwe safu mbili: idadi ya vipande, na kile mteja alichoulizia akakikosa. Kwenye safu hiyo ya pili alama ya msalaba inatosha, na namba ya kiatu pembeni.

Kwa mwanachama aliyepewa nusu ya mkopo: katibu ameandaa karatasi ya wiki saba za miaka miwili, ina muhuri wa umoja. Aichukue leo kabla ya kuondoka, aipeleke kwa yule ofisa.