Mazoezi ya kila wiki ya kuongea Kiswahili na Kifaransa: naomba majibu kabla ya Ijumaa jioni

Habari zenu wapendwa. Kuanzia wiki hii napendekeza kila jozi ipigiane simu Jumamosi saa 2:00 usiku, kwa saa 1.

1. Dakika 25 Kiswahili, dakika 25 Kifaransa. Wekeni kengele, maana bila hiyo lugha iliyo rahisi kwenu wote wawili itameza muda wote.

2. Baada ya kila zamu, dakika 5 za masahihisho. Mwenzako akiongea usimkatize, labda uwe hujamwelewa kabisa. Andika sentensi zake kama alivyozisema, zisizidi 5, ukichagua makosa yanayojirudia. Akisema "kitabu yangu imepotea", msomee hiyo sentensi umwache ajaribu mwenyewe. Akikwama ndipo umpe "kitabu changu kimepotea", naye atunge nyingine ya aina hiyo, mfano "kiatu changu kimechanika". Lafudhi tuiache kwanza, isipokuwa inapobadili maana.

Asiyependa kusahihishwa hivi amwambie mwenzake mapema, wapange njia yao. Si lazima wote tufanane.

Tafadhali kila mmoja ajibu hapa kabla ya Ijumaa jioni: "Nipo", au ataje saa inayomfaa. Asanteni.